Maoni ya fundi friji yaliyosomeka kama barua ya likizo

Swali: Mhariri, habari za kazi. Nataka kuandika maoni kuhusu fundi aliyenitengenezea friji. Mke wangu kayasoma akacheka, anasema ni kama barua ya kuomba likizo. Nifanyeje yawe kama mtu anaongea? Sitaki kumsifia tu, maana kuna mambo hayakunifurahisha. Rasimu ni hii:

"Napenda kuchukua fursa hii kutoa shukrani zangu za dhati kwa huduma nzuri na ya kitaalamu niliyopatiwa. Kifaa changu kilikuwa na hitilafu ambayo ilishughulikiwa kwa wakati mwafaka na kwa gharama nafuu. Hata hivyo, kulikuwa na changamoto ndogondogo katika suala la muda. Fundi huyu hufanya kazi kwa weledi wa hali ya juu. Nawashauri wengine watumie huduma hii."

Jibu: Shemeji yuko sahihi, ila tatizo si adabu iliyozidi. Ifiche ile sentensi ya kwanza kwa kidole, kisha soma zilizobaki kama mtu asiyekujua. Hutajua kama kilichoharibika ni friji, pasi au jenereta. Maneno hayo yangeweza kubandikwa kwa fundi yeyote, na ndiyo maana hayasikiki kama yako. Halafu rasimu inajipinga: kazi ilifanyika "kwa wakati mwafaka", mstari unaofuata kuna "changamoto ndogondogo katika suala la muda". Lipi tushike? Neno changamoto siku hizi limekuwa gunia. Deni limo, mafuriko yamo, na fundi asiyepokea simu naye kasukumiwa humo humo.

Kwa hiyo sikuanza kupiga msasa sentensi zako. Nilikuuliza kwa ujumbe mambo manne: friji ilikuwa inafanya nini, fundi alifanya nini mbele ya macho yako, ulilipa ngapi, na nini kilikuudhi. Majibu yako uliyaandika kwa haraka, bila kupangilia, na yalikuwa matamu kuliko rasimu. Ulisema juu panagandisha vizuri ila chini maziwa yanachacha. Ulisema kuna fundi aliyemtangulia huyu, "alitaka kuniibia hela ya gesi". Ulisema huyu wa pili alikuita uchungulie ndani ya friza. Maoni yako yalikuwa yamekaa humo tayari.

Sasa tuje kwenye lugha yenyewe. Vitenzi vya kutendwa ndivyo vilivyomfukuza fundi kwenye habari yake. "Niliyopatiwa" na nani? "Ilishughulikiwa" vipi? Kiswahili kina njia yake ya kusimulia: ukianza na *-li-*, yanayofuata yanabebwa na *-ka-*. Alifungua, akaniita, nikachungulia. Hapo msomaji anamwona mtu na bisibisi yake, na wewe umesimama pembeni na tochi ya simu. Ukirudia *-li-* kila kitenzi, unaandika ripoti ya polisi.

Kipo kiambishi kingine kidogo ambacho kinadanganya bila wewe kukusudia. Umeandika "fundi huyu *hufanya* kazi kwa weledi". *Hu-* ni ya mazoea, na wewe umekutana naye mara moja tu. Vivyo hivyo ukiandika "huchelewa", umemhukumu kwa tabia usiyoijua. Alichelewa siku yako, andika "alichelewa". Hilo unaweza kulisimamia hata akija kukuuliza.

Kwa sababu hiyo hiyo nimeliondoa neno "kuniibia". Kilichokuwa moyoni mwa fundi wa kwanza hukukiona. Ulichokiona ni kwamba alitaja gesi na bei bila kufungua hata skrubu moja. Andika hicho, msomaji atajaza mwenyewe. Mwenye kuzijua friji atakumbuka kwamba gesi ikiisha kabisa, juu nako hapagandi.

Nusura nisahau la siku. Rasimu uliiandika jioni ile ile friji ilipopona, na kwa ugonjwa huu hiyo ni mapema mno. Friji zisizotakiwa kuota barafu zina hita ndogo ndani ya friza, inayoyeyusha barafu ya kwenye mabomba ya kupozea kila baada ya muda. Ikikata, barafu inajazana, inaziba njia ya hewa na kuikamata feni. Juu panabaki baridi kwa sababu mabomba yako huko huko, chini hapafikiwi. Mtu akiyeyusha barafu tu bila kugusa hita, friji itafanya kazi vizuri kwa siku kadhaa, kisha inarudi kule kule. Ndiyo maana nilikuomba usubiri. Juzi uliponiandikia kwamba bado inapoza, tukapata mstari wenye uzito kuliko "weledi wa hali ya juu".

Haya, nimeyaunganisha kwa maneno yako mwenyewe, sikuongeza tukio hata moja:

"Friji yetu ya milango miwili ilikuwa inagandisha juu, chini maziwa yanachacha. Fundi wa kwanza alisema gesi imeisha, akataka 120,000 bila kufungua kitu. Huyu alifungua bamba la ndani ya friza, akaniita nione: mabomba yamefunikwa na barafu kama ukuta, feni haizunguki. Akasema hita ya kuyeyushia barafu imekata, akanionyesha kwa kipimo chake. Akayeyusha barafu kwa maji ya moto karibu saa nzima, akafunga hita nyingine. Nililipa 55,000: hita 30,000, ufundi 25,000. Kilichoniudhi: aliahidi Jumamosi saa 4 asubuhi, akaja Jumapili saa 8 mchana, na Jumamosi nzima hakupokea simu. Aliacha maji sakafuni, nikadeki mwenyewe. Risiti hakutoa, alisema kwa mdomo nikipata shida ndani ya mwezi nimwite. Leo ni siku ya 16, chini panapoa. Ikiharibika tena nitamwita yeye, ila kwanza nitahamishia nyama kwa jirani."

Ya nyama kwa jirani uliiandika kama utani mwishoni mwa ujumbe wako. Nimeipandisha kwa makusudi, kwa sababu inabeba mambo mawili kwa mpigo: kwamba unamwamini kazi yake, na kwamba humwamini saa yake. Ukisema "nawashauri wengine watumie huduma hii" unamwamulia msomaji. Mwenye duka la samaki atasoma habari ya hiyo Jumamosi na kutafuta mwingine. Mwenye friji ya soda na maji atampigia leo.

Bei nimeigawa mafungu mawili kwa sababu "gharama nafuu" kwako inaweza kuwa ghali kwa mwingine, na kwa sababu atakayeambiwa hita laki moja atakuwa na pa kushikia. Jambo moja sikulipandisha: ulisema unadhani hita ilikuwa ya mtumba. Boksi hukuliona na hukumuuliza. Muulize kwanza. Akikubali, andika kwamba alikuambia, akikataa, liache.

Mke wako ayasome tena kwa sauti kabla hujayatoa. Pale atakapokata pumzi katikati ya sentensi, weka nukta. Na hita ikikata kabla ya mwezi kuisha, usiyafute: ongeza mstari chini wenye tarehe, useme ulimpigia lini na alikuja lini.