Gari likiua: lini ni kosa la trafiki, lini ni mauaji?

"Wadau, jirani yangu ni dereva wa matatu. Gari lake liligonga mtu akafa, akashtakiwa Makadara kwa kosa la trafiki. Kuna mwingine wa Jogoo Road, naye gari lake liliua, lakini huyo yuko Milimani anajibu kesi ya mauaji. Si wote wameua kwa gari? Mbona sheria inabagua?"

Korti inataka kujua dereva alikuwa na nini kichwani wakati mguu wake uko kwenye mafuta. Mimi ni wakili wa kesi za jinai hapa Nairobi, na kuna kesi moja niliyoitetea ambayo itakuonyesha vizuri.

Abiria alishuka stejini, akakumbuka hajapewa chenji. Akarudi akashika chuma cha mlango, akawa anagombana na makanga. Dereva akaondoa gari. Yule kijana alining'inia kidogo, akateleza, tairi la nyuma likampita. Mteja wangu akashtakiwa kwa mauaji, Mahakama Kuu.

Wengi hudhani mauaji ni lazima uwe umepanga kuua. Soma kifungu cha 206 cha Kanuni ya Adhabu. Nia ya kuua imo, na nia ya kumuumiza mtu vibaya imo pia. Lakini kuna aya ya pili inayowashangaza watu: inatosha kwamba ulijua kitendo chako yamkini kitaua au kitamjeruhi mtu vibaya, ukaendelea. Hata kama hukujali yatakayotokea. Hata kama moyoni ulikuwa unaomba asife! Yaani ule utepetevu wa "liwe liwalo", ukiambatana na kujua, Kenya unaweza kukufikisha kwenye mauaji kamili.

Kwa hiyo kesi yetu yote iliegemea swali moja: je, dereva alijua kuna mtu mlangoni? Abiria wa kiti cha mbele alisema mwanamke mmoja nyuma alipiga kelele, "Dere simama, kuna mtu hapa!" Nikamuuliza muziki ulikuwa juu kiasi gani. Akasema yeye mwenyewe alilisikia lile neno "simama" tu, akadhani mtu anataka kushuka. Ripoti ya ukaguzi wa gari nayo ilionyesha kioo cha upande wa mlango kimepasuka na kufungwa kwa selotepu, kikiangalia chini. Kioo kile kilitusaidia na kutuumiza kwa wakati mmoja. Kilionyesha kwamba huenda hakumwona kijana. Kilionyesha pia kwamba aliondoa gari mlango ukiwa wazi, bila njia yoyote ya kujua kama watu wamemaliza kushuka.

Majaji hawawezi kupasua kichwa cha mtu waone nia. Tangu kesi ya Tubere ya 1945, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, huangalia silaha iliyotumika, ilivyotumika, sehemu ya mwili iliyoumizwa, na mwenendo wa mshtakiwa kabla, wakati na baada ya tukio. Mteja wangu alisimama mita chache mbele, akashuka, akasaidia kumbeba kijana. Angekanyaga mafuta baada ya mayowe, ningekuwa na kazi ngumu zaidi.

Jaji aliona kujua hakukuthibitishwa pasipo shaka, ila uzembe ulikuwa mkubwa kupita kawaida. Akamtia hatiani kwa kuua bila kukusudia, kifungu cha 202. Hakukuhitajika shtaka jipya. Kifungu cha 179 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinaruhusu kushuka hadi kosa dogo la aina hiyo hiyo. Adhabu ya juu ya kuua bila kukusudia ni kifungo cha maisha, kwa hiyo usidhani ni mteremko.

Jirani yako yaelekea ameshtakiwa chini ya kifungu cha 46 cha Sheria ya Trafiki: kusababisha kifo kwa kuendesha ovyo au kwa namna ya hatari. Hapo kiwango cha juu ni miaka 10. Upande wa mashtaka hauhitaji kuonyesha alijua kuna mtu fulani hatarini. Uendeshaji wenyewe ndio unaopimwa, kwa kuangalia hali ya barabara na wingi wa magari. Na kama ni mtu aliyejitupa barabarani ghafla huku dereva akienda vizuri, hiyo ni ajali, hakuna kosa.

Sasa sikia kioja. Tuseme dereva alijua kabisa kijana ananing'inia, akaondoka kwa kutojali, na kijana akaumia vibaya lakini akapona. Hawezi kutiwa hatiani kwa jaribio la kuua, kwa sababu kujaribu kunahitaji nia yenyewe ya kuua. Kujua hatari hakutoshi. Atajibu shtaka la kujeruhi vibaya, kifungu cha 234. Akili ile ile ya dereva ingekuwa mauaji kama kijana angekufa.