Bamba la mraba na mihimili yake mitatu

Mwalimu, nimekariri kwamba momenti za inesha za bamba jembamba, yaani ukinzani wake dhidi ya kuzungushwa kwenye kila mhimili, hufuata kanuni Iz = Ix + Iy, lakini sijui inatoka wapi. Naomba unionyeshe kwa bamba la mraba.

Laza bamba mezani. Mhimili wa x na wa y ulale ndani ya bamba lenyewe, sambamba na kingo zake, na ikatane katikati. Wa z usimame wima kutoka hapo. Sasa tazama chembe moja tu ya bamba. Umbali wake kutoka mhimili wa x ni y, na kutoka mhimili wa y ni x. Umbali wake kutoka mhimili wa z ni r, na Pithagorasi anatupa r² = x² + y². Zidisha kila upande kwa tungamo la chembe, kisha jumlisha chembe zote za bamba. Momenti ni jumla ya tungamo mara kipeo cha pili cha umbali, kwa hiyo kushoto unapata Iz, kulia Iy na Ix. Hakuna zaidi ya hapo.

Tuchukue bamba la alumini lenye upande wa sentimita 30 na unene wa milimita 5. Tungamo lake ni kama kilo 1.2. Kwa mhimili wa x, m ikiwa tungamo na a urefu wa upande, Ix = ma²/12 = 1.2 × 0.09 ÷ 12 = 0.009 kg m². Mraba haubagui x na y, kwa hiyo Iy ni hiyo hiyo, na Iz = 0.018 kg m². Umekokotoa mara moja, umepata zote tatu.

Mhimili ukipita kwenye mshazari, kutoka pembe hadi pembe, jibu ni lile lile 0.009. Inawezekanaje, wakati pembe ziko mbali zaidi?

Pembe ziko mbali kweli, lakini sehemu nyingine za bamba zimesogea karibu na mhimili, na hesabu inafidiana sawasawa. Kanuni yetu inalionyesha hilo bila kalkulasi. Mishazari miwili ya mraba inakatana kwa pembe ya nyuzi 90, nayo inalala ndani ya bamba, kwa hiyo inaweza kushika nafasi ya x na y. Iz haijabadilika, bado ni 0.018. Kwa ulinganifu mishazari yote miwili ina momenti moja, basi kila mmoja unachukua nusu.

Usiipeleke hoja hii kwenye mstatili. Mishazari yake ina momenti sawa, lakini haikatani kwa nyuzi 90, hivyo huwezi kuijumlisha.

Nilitaka Iz kwenye pembe ya bamba. Nilijumlisha Ix na Iy za katikati, nikakosa. Je, kanuni inafanya kazi katikati tu?

Inafanya kazi popote kwenye bamba, mradi mihimili yote mitatu ikutane kwenye nukta moja. Wewe uliiacha miwili katikati ukaupeleka wa tatu pembeni. Kwenye pembe, x na y ni kingo mbili za bamba, kila moja ikiwa na ma²/3, yaani 0.036. Jumla ni 0.072 kg m².

Nimeitumia kwa mchemraba nikapata ma²/3, kitabu kinasema ma²/6. Kosa liko wapi?

Kosa liko pale ulipodhani y ni umbali wa chembe kutoka mhimili wa x. Katika bamba jembamba ni kweli, kwa sababu kila chembe ina z = 0. Katika mchemraba chembe nyingi ziko juu au chini ya mihimili hiyo, kwa hiyo kipeo cha pili cha umbali ni y² + z². Kwa mhimili wa y ni x² + z². Ukijumlisha, z² imeingia mara mbili, wakati Iz haina z hata kidogo. Kwa hiyo:

Ix + Iy = Iz + 2∫z² dm

Hicho cha ziada hakiwezi kuwa hasi. Ndiyo maana katika mwili wowote Ix + Iy haiwi ndogo kuliko Iz. Ukiona imekuwa ndogo, rudi kwenye hesabu yako, umekosea mahali.

Kwa bamba la mraba lenye unene t, ziada hiyo ikigawanywa kwa Iz ni t²/a² kamili. Alumini yetu ya milimita 5 inatoa 1/3600, kosa ambalo utepe wa kupimia hautaligundua. Ongeza unene hadi sentimita 3, kosa linafika asilimia 1. Endelea hadi t = a, bamba limekuwa mchemraba na kosa ni asilimia 100: ndiyo ile mara mbili uliyoipata.

Basi kwa miili minene kanuni hii tuitupe?

Hapana. Kata mchemraba uwe vipande vyembamba vilivyolala. Kila kipande ni bamba la mraba, na kanuni inakipa a²/12 mara tungamo lake, kuzunguka mhimili unaopita katikati yake. Kisha kihamishie kwenye mhimili wa x wa mchemraba kwa kanuni ya mihimili sambamba, ukiongeza z² mara tungamo lake. Jumla ya vipande vyote ni ma²/12 + ma²/12, yaani ma²/6 ya kitabu.