Kome wameachama, kaa hachezi, kamba vichwa vyeusi: nitupe kipi?

"Wakuu, nimenunua kamba, kaa na kome leo. Kome kadhaa wameachama, kaa mmoja hachezi kabisa na kamba vichwa vimeanza kuwa vyeusi. Nikichemsha sana si wadudu wote watakufa? Au nitupe vyote?"

Mkuu usitupe vyote, ila hilo wazo la kuchemsha sana liache kwanza maana ndo lililoniponza mimi. Niliwahi kununua kome kilo mbili nikawaloweka kwenye ndoo ya maji ya bomba usiku kucha, nikijua nawaweka fresh, kumbe kome ni wa maji chumvi na maji baridi ya bomba yanamuua. Asubuhi wengi wameachama, nikasema moto utamaliza, nikachemsha nusu saa nzima. Nilitapika mpaka nyongo. Bakteria wanakufa kwa moto sawa, lakini baadhi ya sumu wanazokuwa wameshaacha kwenye nyama haziondoki hata uchemshe mpaka maji yakauke.

Kwa hiyo unakagua kabla ya jiko. Chukua kome aliyeachama, mgonge na mwenzake au kwenye sinki, weka chini, subiri dakika moja mbili hivi. Akijifunga, hata taratibu, yuko hai. Ukiwa umemtoa kwenye friji mpe muda zaidi, baridi inamfanya mzito. Asipojifunga tupa, na ganda lililopasuka tupa pia bila kesi. Kuna wengine wamefunga vizuri ila ukimshika ni mzito kupita wenzake, huyo msukume magamba yake yapishane kama unasugua viganja, yakiteleza yakafunguka utakuta ndani kumejaa tope tu, na tope la kome mmoja linaharibu sufuria zima. Wazima wavute zile nyuzi pembeni muda wa kupika ukifika, si mapema. Maji kidogo chini, mfuniko, moto mkali, wakishafunguka waache dakika 3 mpaka 5 tena. Asiyefunguka kabisa mimi namtupa, sibishani na kome mmoja.

Sasa kaa. Huyo asiyecheza mguse jicho, kaa hai hata aliyechoka atalirudisha ndani au atatikisa mguu. Kama katoka kwenye barafu mwache apate joto dakika chache umjaribu tena. Miguu ikining'inia tu kama kamba ya kiatu, amekufa, na kama hujui amekufa saa ngapi usimpike. Kaa akifa vimeng'enya vya tumboni mwake vinaanza kuyeyusha nyama yake mwenyewe na bakteria wanaingia kwa kasi, ndo maana ukimvunja unakuta nyama imekuwa uji uji. Wale wazima waweke friza kama nusu saa wafe ganzi, ukimtumbukiza akiwa mchangamfu anarukaruka na kukatika miguu. Maji ya chumvi yanayochemka kwelikweli, wa nusu kilo kama dakika 15. Ganda kuwa jekundu kusikudanganye, linabadilika mapema sana, vunja mguu mnene uangalie: nyama nyeupe inayoachia ganda imeiva, ikiwa bado kama jeli inang'ang'ania mrudishe. Na usimweke kwenye ile ndoo aliyokaa mbichi, watu wengi wanasahau hapo.

Kamba ndo watu wanawaonea. Weusi wa kichwani na kwenye maungio ya ganda peke yake si kuoza, ni kama ndizi iliyomenywa ikaachwa nje, inaanza kuwa nyeusi yenyewe. Unachotafuta ni pua na vidole. Ukinusa ikakupiga harufu kali kama ya mkojo, tupa. Nyama ikiwa laini inabonyea, ganda linateleza ute na kichwa kinadondoka chenyewe, tupa. Kama harufu ni ya bahari tu na nyama imekaza, kata kichwa, toa ule mshipa wa mgongoni, pika mpaka nyama iache kuonekana kama kioo, wa saizi ya kati dakika 3 zinatosha.

Kitu kimoja vipimo vyote hivyo havikioni: kome hula vijimea vya baharini, na vingine vina sumu. Kome mwenye sumu hiyo yuko hai, anajifunga fresh, hanuki, na moto hauitoi. Kwa hiyo wakitangaza kusitisha uvunaji eneo fulani, usinunue hata kwa bei ya kutupa. Na leo mkishakula, mtu akianza kusikia midomo na vidole vinachonyota au kufa ganzi, msisubiri atapike, hospitali moja kwa moja, maana sumu hiyo inaweza kufika kwenye misuli ya kupumulia.

Vilivyobaki viingie friji ndani ya masaa mawili.