Simu inadai akaunti ya Google baada ya kuriseti

"Nilisahau namba ya siri, nikairiseti simu kwa vitufe. Sasa inataka akaunti ya zamani ya Google. Kwa nini?"

Ndugu, hiyo ni kinga dhidi ya wezi, iliyoingia na Android 5.1 mwaka 2015. Ukifuta simu kupitia mipangilio, kwanza inakuomba namba ya siri, hivyo inajua ni wewe. Kwa vitufe haiulizi kitu, na mwizi angefanya vivyo hivyo, basi inadai uthibitisho baadaye. Kumbukumbu ya akaunti imehifadhiwa sehemu ambayo kuriseti hakuifikii, kwa hiyo usijisumbue kurudia.

Unganisha intaneti, kisha andika barua pepe iliyokuwa kwenye simu hiyohiyo. Ukifungua akaunti mpya leo itakataliwa tu. Kama nywila imepotea, ingia `g.co/recover` kwa simu nyingine uliyozoea kuitumia na akaunti hiyo, ukiwa na laini uliyosajili nayo. Ukishabadilisha nywila, simu ikiikataa, subiri saa 24 ndipo ujaribu tena.

Na kama uliinunua mkononi, akaunti inayodaiwa huenda ni ya muuzaji. Mrudie aiingize mwenyewe. Akikwepakwepa, hapo mimi ningeshuku ni ya wizi.