Kabla hujaimba kwenye korido ya hospitali, sikiliza kwanza nesi anavyoita majina

Hii nimeandika kwa ajili ya wanakwaya na vikundi vya vijana wanaotaka kwenda kuwaimbia wagonjwa, hasa pale nje ya vyumba vya madaktari ambapo watu wanakaa toka asubuhi hadi mchana. Mi naimba sauti ya pili kwenye kwaya yetu na karibu miaka mitatu sasa naenda na wenzangu wawili Jumatatu asubuhi kwenye hospitali moja ya wilaya, na nilianza kwa sababu mama yangu ana presha, nilikuwa nampeleka kliniki kila mwezi na nimekaa sana kwenye yale mabenchi.

Siku ya kwanza tulikosea na naomba niieleze vizuri kwa sababu nayaona makosa yaleyale kwa vikundi vingine. Tulienda wanne, sauti zote nne, na spika ndogo ya blutuzi yenye kinanda, tukasimama katikati ya korido kama tupo kanisani. Tuliimba vizuri kabisa, watu wakatabasamu, wengine wakarekodi na simu. Kumbe huku mlangoni nesi anatoa kichwa anaita majina na hakuna anayesikia, mzee mmoja wa benchi la mwisho aliitwa mara tatu, faili lake likarudishwa chini kabisa ya mafaili mengine, akaja kuonwa na daktari saa tisa mchana. Mzee wa watu alikuwepo pale toka saa kumi na mbili asubuhi. Ile iliniuma sana na ndo iliyonifundisha kila kitu nitakachosema hapa.

Ukikaa kwenye benchi la hospitali bila kuimba utagundua kitu kimoja, watu hawasubiri tu, wanasikiliza. Mgonjwa anasikiliza jina lake, ndugu aliyemsindikiza anasikiliza, hata anayeongea na simu sikio moja liko mlangoni. Hofu ya kupitwa na jina ndo inafanya mtu asiende chooni, asinywe maji, akae ameinama mbele kama anataka kukimbia. Sasa ukija na wimbo unaofunika lile jina umemwongezea hofu hata kama wimbo wenyewe ni mtamu kama asali. Kwa hiyo wimbo wa korido lazima uwe na nafasi ndani yake, nesi aweze kuita bila kupaza sauti na bila kusubiri mmalize wimbo mzima.

Sisi tunafanya hivi. Kila mstari unachukua mapigo 8, halafu tunanyamaza mapigo 4, kimya kabisa, ndo tunaingia mstari unaofuata. Kwa mwendo wa pigo moja kwa sekunde, yaani sawasawa na mshale wa sekunde kwenye saa ya ukutani, hizo ni sekunde 4, zinatosha nesi kuita jina mara mbili. Mwanzoni manesi hawakujua, baada ya wiki mbili tatu walishazoea wenyewe, anatoka, anasubiri mstari uishe, anaita, anarudi ndani.

Maneno tulitunga wenyewe, mafupi, mistari minne tu:

Jua lapanda, pole pole,
kivuli chasogea, pole pole,
maji mtungini yametulia,
nipo hapa, nipo nawe.

Ukiyasoma utaona hakuna neno kupona. Hilo tumelikataa makusudi, maana kwenye benchi moja unakuta mtoto mwenye homa ambaye kesho atakuwa anacheza na pembeni yake yupo mama aliyekuja kuchukua majibu ya kipimo ambacho anajua kabisa hakiji na habari nzuri, huwezi kuwaahidi wote wawili kitu kimoja. Nipo nawe ni kweli kwa wote. Halafu hakuna jina la dini pia, kwenye korido yetu wamekaa Waislamu na Wakristo bega kwa bega na hakuna anayeweza kuinuka akaondoka asiposikia raha, kanisani mtu anatoka ila hapa akitoka anapoteza foleni.

Na nyimbo za kitabuni uwe nazo makini sana. Siku ya pili tuliimba wimbo wa taratibu ambao tunaupenda wote, tukasahau kwamba kwetu huo ndo unaimbwa wakati wa kutoa jeneza nyumbani. Dada mmoja ambaye mdogo wake alikuwa chumba cha upasuaji alianza kulia kwa sauti, korido nzima ikageuka kumwangalia. Nyimbo nyingi za polepole tunazozijua tumezijulia msibani, huo ndo ukweli, kwa hiyo kabla ya kuchagua wimbo muulize mtu mzima wa eneo lile, huu mnauimba wapi.

Tuni yetu ni do, re, mi, so, la basi, fa na ti tumeziacha. Sababu ni kwamba korido ina sakafu ya vigae na kuta za saruji, sauti inagonga inarudi na noti ya kwanza bado inasikika wakati unaimba ya pili, sasa mi na fa zikikutana hewani zinakwaruzana lakini hizi tano hata zikipandana zinakaa vizuri. Kila mstari unaanzia juu unashuka chini. Na tunaimba chini kuliko tulivyozoea, ukianzia juu utalazimika kusukuma sauti, na sauti ya kusukuma kwenye korido inageuka kelele. Mstari wa tatu mara nyingi hatuimbi maneno, tunafumba mdomo tu.

Kuhusu mwendo, usianze polepole moja kwa moja. Saa mbili asubuhi Jumatatu watu wamejaa wagonjwa wa wikiendi nzima, kuna wanaobishana dirishani kuhusu bima, watoto wanalia, ukianza na mwendo wa usingizi hapo wimbo wako unaelea tu hakuna anayeushika. Watu wanaotibu kwa muziki wana utaratibu wao wa siku nyingi, unaanza pale mgonjwa alipo halafu unamvuta taratibu. Sisi tunaanza na mapigo 80 kwa dakika, raundi 5, kama dakika 3 hivi. Tunashuka hadi 72, raundi nyingine 5, dakika 3 na kitu. Halafu raundi 10 za mwisho kwa mapigo 60, dakika 8. Jumla karibu robo saa. Mapigo naangalia kwenye apu ya metronomu, simu nimeizima sauti inawaka taa tu, na kidole nagonga pajani wenzangu wanaona. Baada ya hapo tunakaa kimya nusu saa nzima au zaidi, tunakaa kama watu wengine. Kimya hicho usikiruke, mtu mwenye kichwa kinachouma hawezi kubeba nyimbo za asubuhi nzima hata ziwe nzuri vipi.

Wapi mnasimama nayo ni muhimu. Msisimame karibu na meza ya kupimia presha, pale nesi akitumia kile kipimo cha kusikiliza kwa masikioni anatafuta mlio mdogo sana mkononi mwa mgonjwa, mkimchanganya anaandika namba isiyo sahihi na mgonjwa anabadilishiwa dawa kwa namba hiyo. Sisi tunakaa mwisho wa korido kwenye dirisha kubwa, tumegeukia nje kidogo. Kabla ya kuanza mmoja anaenda kusimama mlango wa daktari anataja jina lolote kwa sauti ya kawaida wakati wawili wanaimba, na mtu aliyekaa benchi la mwisho lazima alisikie. Asiposikia tunapunguza. Tulipunguza mpaka tukabaki watatu badala ya wanne, na spika ilibaki nyumbani.

Dirisha lenyewe lina sababu nyingine. Kuimba kunatoa vitone vingi vidogo vya mate kuliko kuongea, na kwenye korido ya hospitali zetu kifua kikuu kipo. Machi 2020 kule jimbo la Washington, Marekani, kwaya ya Skagit Valley ilifanya mazoezi ya jioni moja wakiwa watu 61, mmoja alikuwa na dalili za korona, na jumla ya waliougua, yeye akiwemo, ikafika 53, wawili wakafariki. Wale walikuwa wazima wanaimba ukumbini, sasa fikiria wewe unaimbia watu ambao tayari ni wagonjwa. Kwa hiyo mwenye kikohozi hata kidogo haji Jumatatu hiyo, dirisha linakuwa wazi, tunakaa mbali na mabenchi kama hatua tatu, na sehemu ya wanaokohoa hatuimbi kabisa. Pia hatuwaombi wagonjwa waimbe na sisi. Wakifumba mdomo wakafuata wenyewe ni sawa.

Ruhusa ombeni kwa mganga mfawidhi, lakini msiishie hapo, ongeeni na nesi wa zamu asubuhi hiyohiyo maana yeye ndo anajua leo kukoje. Kuna Jumatatu alituambia jamani leo hapana, tukarudi nyumbani. Na tuna ishara moja, mimi nikifunga ngumi wote wananyamaza mwishoni mwa mstari uleule. Ngumi hiyo naifunga machela ikipita, au ukisikia kilio cha msiba kutoka wodini, hapo usijaribu kumfariji mtu kwa wimbo, aliyefiwa ana kilio chake na korido inamwachia.

Kama unataka kujua wimbo unafanya kazi usiangalie tabasamu wala simu zinazorekodi, hizo zinaonyesha watu wamepata shoo. Angalia miguu. Watu wenye wasiwasi wanatikisa goti, mi huwa nahesabu benchi moja kabla na tukifika zile raundi za mapigo 60 nahesabu tena. Angalia pia wangapi wameegemea ukuta, na jina linaitwa mara ngapi kabla mtu hajainuka. Kuna tafiti pia, mapitio ya mwaka 2013 ya Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za afya, yalikusanya tafiti 26 za wagonjwa waliokuwa wanasubiri upasuaji na yakaona kusikiliza muziki kunapunguza wasiwasi, ila wengi walikuwa wanasikiliza muziki uliorekodiwa, hawakubanana kwenye benchi kama sisi. Kwa hiyo kwenye korido yako hesabu magoti mwenyewe.

Jumatatu iliyopita kulikuwa na mama mmoja amempakata mjukuu, toka tumeanza alikuwa anakunja na kukunjua kadi ya kliniki mpaka kona imechanika. Raundi ya kumi na mbili hivi kadi ikawa imelala pajani, mkono uko mgongoni kwa mtoto unapiga taratibu na sisi. Tukamaliza mstari wa pili, kimya, nesi akaita, akaita mara moja tu, bibi akainuka na mtoto akaenda, na sisi tukaingia mstari wa tatu mdomo umefumbwa.