Doa jeusi kwenye kucha ya dole gumba la mguu

"Wakuu, nimeweka picha. Kucha ya dole gumba ina doa jeusi na mistari mistari. Ni fangasi au nimepungukiwa vitamini?"

Mkuu, lishe mimi naiweka pembeni. Upungufu wa mwilini hauchagui kidole kimoja. Ukikosa madini ya chuma, kwa mfano, kucha kadhaa huwa laini na kubonyea katikati kama kijiko. Hiyo mistari ya wima huja na umri tu.

Fangasi nayo mara nyingi huanzia nchani au pembeni: kucha inakuwa ya njano, nene, na chini yake kuna ungaunga. Yako nchani ni safi. Doa liko katikati, jekundu-jeusi, na ukingo wa nyuma umejipinda. Hiyo inafanana na damu iliyovilia. Viatu vya mpira vinavyobana vinatosha kabisa kuleta hivyo, hata kama hukumbuki kuumia.

Picha moja haithibitishi, kwa hiyo piga nyingine baada ya mwezi, rula ikiwa pembeni, kwenye mwanga wa mchana. Kucha ya dole gumba la mguu hukua kama milimita 1.5 kwa mwezi. Damu itasogea mbele na nyuma yake itatokea kucha safi. Lisiposogea, au ukiona mstari mweusi unaotoka shinani na kupanuka, au weusi umeingia kwenye ngozi, nenda kwa daktari wa ngozi bila kuchelewa, maana saratani huanza hivyo. Vidonge vya fangasi usimeze kabla maabara hawajakwangua kucha na kupima.