Usikatishe kriatini kwa ratiba ya kocha

"Wakuu, nipo Mbeya, natumia kriatini wiki ya tatu sasa, gramu 3 kwa siku. Kocha wa jimu anasema nikimaliza mwezi nipumzike mwezi mzima, la sivyo mwili utasahau kutengeneza ya kwake. Ni kweli? Nikiacha misuli itasinyaa? "

Mkuu, usiache! Hiyo ratiba ya mwezi ndani, mwezi nje hata mimi niliuziwa, na aliyeniuzia ndiye huyohuyo aliyekuwa anauza makopo. Hadi leo nikimkumbuka damu inanichemka.

Twende kwa hesabu yako mwenyewe. Ukinywa gramu 3 kila siku bila kuanza na dozi kubwa, misuli inachukua kama wiki nne kujaa kriatini. Ukiacha, inachukua wiki nne hadi sita kurudi ilikokuwa kabla hujaanza. Sasa tazama anachokushauri kocha: unajaza mwezi mzima, na wiki ileile ghala linapojaa anakuambia funga. Mwezi unaofuata linavuja, halafu unanunua kopo jingine uanze kujaza upya. Pesa yako yote inaishia kwenye kupanda ngazi, juu hukai. Ndivyo nilivyoishi miezi kadhaa pale Mwanjelwa, nikiona uzito wa chuma unapanda kidogo halafu unarudi, nikidhani mwili wangu ndio mbovu.

Nilipolalamika, yule muuzaji akasema basi kila nikirudi nianze na gramu 20 kwa siku, siku tano, ili nijaze haraka. Ni kweli inajaza haraka, lakini hizo ni gramu 100. Kopo la gramu 300 limeliwa theluthi moja ndani ya siku tano, na kwa gramu 5 kwa siku hizo 100 zingenitosha siku ishirini. Tena hakuniambia nigawanye mara nne kwa siku, nikawa nabugia nusu ya hizo 20 kwa mpigo. Kiasi hicho kwa mara moja tumbo la wengi halikivumilii. Mimi kiliniharisha ndani ya kosta ya kwenda Tunduma, na konda hakusimamisha.

Hiyo ya "mwili utasahau" imetoka kwenye steroidi. Steroidi ni homoni: ukizitumia, ubongo unaziamuru korodani zipunguze kazi, na ukiacha inaweza kuchukua miezi kurudi sawa. Ndiyo maana watumiaji wake wana mizunguko ya kutumia na kuacha. Kriatini si homoni. Figo na ini vinaitengeneza kila siku, na nyama na samaki vinaongezea. Ukinywa ya kopo, figo zinapunguza kutengeneza kwa sababu ipo ya kutosha. Ukiacha, zinaendelea na kazi. Waliopimwa misuli baada ya kuacha walirudi kwenye kiwango chao cha awali, hawakushuka chini yake.

Kuvuja kwenyewe hakuna ajabu. Kila siku karibu asilimia 2 ya kriatini ya mwilini inageuka kuwa taka iitwayo kriatinini na kutoka na mkojo. Ukiwa mtu wa ugali na maharage, nyama Jumapili, kiwango chako cha asili kiko chini, kwa sababu mimea haina kriatini ya kuhesabika. Wewe ndiye utakayeona tofauti zaidi ukitumia, na ndiye utakayeiona zaidi ukiacha.

Utaona nini? Mizani itashuka, pengine kilo moja au mbili. Hayo ni maji yaliyokuwa yamevutwa ndani ya misuli, kwa hiyo fulana ikilegea usipaniki. Seti ya mwisho uliyokuwa unapiga mara nane inaweza kuishia saba. Lakini nyama uliyoijenga inabaki, mradi unaendelea kunyanyua na kula.

Kitu kimoja hakikisha: ukienda kupima figo, mwambie daktari unatumia kriatini, maana ile kriatinini inaweza kupanda kidogo kwenye damu na akadhani figo zina shida. Mwenye ugonjwa wa figo tayari asiguse kabla ya kuongea na daktari wake.

Kwa hiyo gramu 3 hadi 5 kila siku, na siku ya kupumzika zoezi pia. Asubuhi za baridi za Uyole poda haiyeyuki yote kwenye maji, utaona chembe nyeupe zimetulia chini ya glasi, na hapo ndipo dozi yako inapobaki. Koroga kwenye maji ya uvuguvugu, unywe palepale, suuza glasi unywe na hayo.

Kopo likiisha na mfuko hauruhusu, acha bila hofu, ukipata utaendelea. Ila usiache kwa sababu kocha kahesabu mwezi. Limebaki kiasi gani kwenye kopo lako?